Upekuzi wa ardhi Kenya: sehemu C ikiwa tupu

Tuseme unafanya kazi Doha na unauziwa robo ekari Kitengela. Picha ya hati uliyotumiwa kwa simu haithibitishi chochote. Chukua namba ya kiwanja tu, kisha wakili uliyemchagua mwenyewe, si wa muuzaji, aombe upekuzi rasmi katika masjala ya ardhi ya eneo hilo. Viwanja vya Nairobi hupekuliwa kupitia Ardhisasa, mfumo wa mtandaoni wa Wizara ya Ardhi.

Cheti kinachorudi kina sehemu tatu. A inaeleza ukubwa wa ardhi na kama ni milki huru au ya kukodi kutoka kwa serikali. B ina jina la mwenye ardhi, na C ina mizigo kama rehani ya benki na mikataba ya ukodishaji iliyosajiliwa. Wengi hukimbilia C, wakiikuta tupu wanafurahi. Lakini koshoni, yaani ombi la mtu anayedai haki, pamoja na amri ya mahakama ya kuzuia uuzaji, huandikwa B chini ya jina la mwenye ardhi. Soma zote mbili.

Cheti safi kinasema kwamba siku ile hakukuwa na kitu kilichosajiliwa dhidi ya ardhi ile. Umepekua tarehe 3, unalipa tarehe 28: muuzaji ana siku 25 za kuiweka rehani. Kwa hiyo rudia upekuzi asubuhi ya siku ya malipo. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 pia inaruhusu usajili mwingine usimamishwe kwa siku 14, ikiwa mwenye ardhi ameridhia kwa maandishi na ombi la upekuzi limetaja mauzo yenyewe. Mwambie wakili aiombe nafasi hiyo.

Zipo haki zinazoifunga ardhi bila kuandikwa popote kwenye rejista. Kubwa ni ya aliyeikalia ardhi ya mtu waziwazi, bila ruhusa, kwa miaka 12. Anaweza kuidai mahakamani, na kununua kwako hakumwondoi. Amana za kimila, yaani ardhi ya ukoo iliyoandikwa kwa jina la mtu mmoja kwa niaba ya wote, ni hivyo hivyo. Haya huonekana kwa macho tu, kwa hiyo mtume mtu usiyeletewa na muuzaji. Aulize majirani nani analima pale na tangu lini, aangalie makaburi, mabomba na njia ya ng'ombe. Aende na mpima ardhi pia, maana ramani ya masjala huonyesha mipaka ya jumla, si mahali hasa jiwe la mpaka lilipo.

Tena cheti hakielezi hati ilizaliwaje. Mwaka 2023, katika kesi ya Dina Management dhidi ya Kaunti ya Mombasa, Mahakama ya Juu ilikataa kumlinda mnunuzi kwa kuwa ugawaji wa kwanza wa kiwanja haukufuata sheria. Kama ardhi iliwahi kuwa ya umma, omba nakala ya rejista yote na barua ya ugawaji, ufuate kila mmiliki hadi wa kwanza.