Somo: hesabu na picha za stoki kabla ya moto, Bukavu

Kila moto unapokula maduka Kadutu, naandikiwa lile lile: "Yaya, asiransi wanataka nionyeshe kilichokuwa ndani, nifanye nini?" Naandika hapa mara moja. Atakayeuliza tena nitamtuma huku.

1. Hesabu mali yote siku duka limefungwa. Andika jina la kitu, idadi, bei uliyonunulia. Tia tarehe, wewe na msaidizi wako mtie sahihi.

2. Piga picha. Anza mlangoni bango lionekane, kisha kila rafu kwa upana, kisha karibu hadi lebo isomeke. Balo lililofungwa lifungue mdomo, kwa sababu picha ya gunia ni picha ya gunia tu. Usisahau depo ya nyuma.

3. Kila fakitire piga picha siku ile ile inapofika.

4. Vyote vitoke dukani. Jitumie kwa imeili, tarehe ya kutumwa itabaki pale. WhatsApp ukituma kama picha ya kawaida inaibana na kuifuta tarehe ya ndani. Tuma kama dokima.

5. Hapa ndipo watu wanapoteza pesa. Mtaalamu wa asiransi hakulipi hesabu ya mwezi wa sita kama moto umekuja mwezi wa tisa. Anataka stoki ya siku ya moto, na hiyo inapatikana hivi: hesabu ya mwisho, ongeza ulichonunua, toa ulichouza. Lakini ulichouza unakitoa kwa bei ya kununua, si ya kuuzia.

Chukua duka la vitenge. Tarehe 30 Juni kulikuwa na mali ya dola 12,000. Baadaye zikaingia fakitire za dola 5,000. Daftari la mauzo linaonyesha dola 7,500. Piesi inanunuliwa 20, inauzwa 25, kwa hiyo piesi 300 zilizotoka zilikuwa na thamani ya dola 6,000. Stoki ya siku ya moto ni 12,000 + 5,000 − 6,000, yaani dola 11,000. Mwenye duka akitoa 7,500 nzima anabaki na 9,500: amejinyima dola 1,500 kwa mkono wake. Ndiyo maana daftari la mauzo liwe na safu mbili, bei ya kuuza na bei ya kununua, na lipigwe picha kila jioni.

Angalia pia kiasi ulichokatia bima. Mikataba mingi ya moto ina kanuni ya uwiano. Mali ikiwa ya 11,000 nawe uliandikisha 5,500, umelinda nusu. Zikiungua za 4,000, unahesabiwa 2,000, kisha inatolewa ile sehemu unayobeba mwenyewe. Stoki ikipanda kabla ya Noeli, wajulishe kwa maandishi.

6. Moto ukitokea, toa taarifa ndani ya siku zilizoandikwa kwenye mkataba wako. Mabaki usiyatupe: bunda lililoungua nusu bado linahesabika, mtaalamu aje alikute.

MASWALI

Muuzaji wa viatu, Nyawera: Nina picha moja, duka limejaa kabisa. Haitoshi?
— Haitoshi. Soma namba 2 na 5.

Huyo huyo: Lakini mwenye nyumba ana asiransi.
— Ya nyumba yake. Viatu vyako havimo, labda mkataba uvitaje.

Mama wa vipodozi, Panzi: Yaya, mimi nanunua Goma kwa wauzaji wasiotoa fakitire, mzigo unakuja kwa mashua. Nifanyeje?
— Swali zuri, mama. Kusanya alama nyingi zinazokubaliana. Hifadhi karatasi ya mizigo ya mashua na ujumbe wa M-Pesa au Airtel Money uliolipia. Nunua kitabu cha fakitire chenye kaboni, mwombe muuzaji ajaze idadi na bei, atie sahihi na namba ya simu yake. Mzigo ukishuka, upige picha pamoja na ile karatasi. Kwa vya nje ya nchi, karatasi ya forodha ya DGDA ina nguvu kuliko zote. Na kwa vipodozi, picha ionyeshe tarehe ya kuharibika, maana kilichopita tarehe hakitahesabiwa kuwa mali nzima.

Mama wa vipodozi: Asante. Nauza kwa faranga, nanunua kwa dola. Naandika ipi?
— Andika ulichopokea, na pembeni kiwango cha siku hiyo. Ukibadilisha miezi mitatu baadaye kwa kiwango kipya, hesabu haitafungana.

Fundi simu, avenue Lumumba: Risiti zangu za mashine zimefutika, karatasi nyeupe.
— Karatasi ile inaogopa joto na jua. Ipige picha siku hiyo hiyo, kisha andika namba na kiasi kwa bic kwenye daftari. Simu nazo andika IMEI yake. Hapo hakuna wa kubisha ilikuwa ipi.