Epua karanga kabla hazijafika rangi unayoitaka

Karanga hazikomi kuiva ukiziepua. Joto lililo ndani ya punje, pamoja na la kikaango chenyewe, huendelea kuzikaanga kwa dakika kadhaa. Ndiyo maana zilizoonekana sawa jikoni huja kuwa chungu mezani.

Kwa nusu kilo ya karanga mbichi, tumia kikaango kizito, moto mdogo, na mwiko usiotulia kwa dakika 15 hadi 20. Moto mkali huunguza ganda huku ndani kukibaki kubichi. Usidanganywe na ganda: zikianza kutatarika na kunukia, toa punje moja, ipasue katikati. Ndani ikiwa rangi ya krimu iliyoanza kugeuka kahawia kidogo, epua papo hapo. Ikishakuwa kahawia kabisa, umechelewa.

Zimimine kwenye sinia pana, uzitandaze. Kuziacha kikaangoni ni kuendelea kuzikaanga. Zitakuwa laini bado, usizirudishe motoni, ukavu huja zikipoa. Maganda yapepetwe kwa ungo baadaye.

Korosho zilizobanguliwa hugeuka haraka zaidi. Katika oveni ya nyuzi 160, anza kuzichungulia dakika ya 8, na uzigeuze, kwani za pembeni hutangulia.