Somo: Kuchagua miradi ya ushirika wa kahawa pale fedha zisipotosha

Tuchukue mfano wa ushirika wa wakulima wa kahawa aina ya robusta katika eneo la Masaka, Uganda. Mkakati wake ni kupata bei bora kwa kuongeza ubora wa kahawa, na bajeti yake ya mwaka ni shilingi milioni 400. Mapendekezo yaliyoletwa ni sita, na gharama zake kwa jumla ni milioni 830.

Hatua ya kwanza ni kutenga mradi usio na hiari. Wanunuzi wa ushirika huu wanauza Ulaya, na kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 kuhusu ukataji wa misitu inadai kila shamba lijulikane mahali lilipo. Usajili wa mashamba, wenye gharama ya milioni 90, haupigiwi alama: unalipiwa kwanza, na miradi mingine inashindania milioni 310 zilizobaki. Hata hivyo, yeyote anayedai kwamba mradi wake ni wa lazima aonyeshe sheria au mkataba unaoulazimisha, la sivyo kila mradi utaitwa wa lazima.

Hatua ya pili ni kukubaliana juu ya vigezo na uzito wake kabla mtu yeyote hajaona gharama za miradi. Hapa vigezo ni vitatu: kulingana na mkakati (40%), faida kwa wanachama (35%) na uwezo wa kutekeleza (25%). Kila alama kati ya 1 na 5 ielezwe kwa maandishi. Kwa uwezo, kwa mfano, alama 5 maana yake kiwanja kipo, makadirio ya bei kutoka kwa wauzaji watatu yapo mkononi na msimamizi ameshateuliwa. Alama 1 maana yake ni wazo tu. Pasipo maelezo hayo wajumbe hukimbilia 3 na 4, na ukiona miradi yote imesongamana hapo, ujue hakuna kilichopimwa.

Hatua ya tatu, kila mjumbe apige alama peke yake, na mwenye pendekezo asipime la kwake. Kikao kijadili tu pale ambapo alama za wajumbe zimepishana kwa 2 au zaidi, kwa kuwa mara nyingi mmoja wao anajua jambo ambalo wenzake hawalijui.

Mashine ya kukoboa (milioni 240) ilipata 5, 5 na 3, yaani:

```
5×0.40 + 5×0.35 + 3×0.25 = 4.50
```

Vichanja vya kuanikia (milioni 130) vilipata 4.00, kitalu cha miche (milioni 60) 3.85, ukataji wa mibuni mikongwe ili ichipue upya (milioni 110) 3.65, na jengo la ofisi (milioni 200) 2.10.

Anayefuata orodha kutoka juu atanunua mashine, ataruka vichanja kwa kuwa fedha hazitoshi, kisha atachukua kitalu. Hapo ndipo pa kusimama na kuuliza ni mradi upi unautegemea mwingine. Kiboko, yaani kahawa isiyokobolewa, kilichoanikwa chini kikafika mashineni kikiwa bado kibichi hakitatoa kahawa safi hata mashine ikiwa mpya, maana unyevu unapaswa kushuka hadi takribani asilimia 13. Kwa hiyo vichanja vinatangulia. Vichanja, kitalu na mibuni vinagharimu milioni 300, milioni 10 zinabaki kuwa akiba, na mashine inapewa nafasi ya kwanza katika bajeti ijayo.

Mwisho, badilisha uzito kidogo uone. Ukipunguza mkakati hadi 30% na kupandisha uwezo hadi 35%, kitalu kinavipita vichanja (4.05 kwa 4.00), lakini vyote viwili bado vimo. Nafasi zinaweza kubadilishana. La kuangalia ni kama kuna mradi ulioingia au kutoka.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, kwa nini tusijumlishe alama tu? Miradi mitatu ina 11.50, mashine na kitalu 8.35.*

Ndugu yangu, jumla hiyo huipendelea miradi midogo: ukigawa mradi mmoja vipande vitatu, alama zake zinaongezeka mara tatu bila mkulima kupata chochote zaidi. Sababu ya uamuzi wetu ni utegemezi, si jumla. Ukitaka kulinganisha vifurushi, hesabu wanachama watakaofikiwa na mapato yatakayoongezeka kwa kila kifurushi.

*Je, tukinunua nusu ya mashine mwaka huu?*

Gawanya mradi pale tu ambapo kila awamu inaleta faida yenyewe. Vichanja vinagawanyika kijiji kwa kijiji, lakini banda la mashine lisilo na mashine limefunga fedha mwaka mzima.

*Mwenyekiti wetu anataka jengo la ofisi hata likiwa la mwisho.*

Mzee ana haki ya kupendekeza, na bodi ina mamlaka ya kupindua orodha. Muhtasari wa kikao uandike sababu, na utaje mradi utakaoachwa: jengo la milioni 200 likiingia, zinabaki milioni 110, na vichanja haviwezekani tena.