Somo: Kumwondoa bwana wa shati la bluu nyuma ya mhitimu (Photoshop)

Siku ya mahafali huna namna ya kufunga barabara. Unampanga mhitimu, joho limekaa sawa, kofia imenyooka, unabonyeza, na ukifika nyumbani unagundua kuna bwana nyuma anapiga simu kana kwamba naye alialikwa kwenye picha. Picha ya somo hili niliipiga Mlimani, Dar es Salaam. Dada wa joho jeusi amesimama kwenye nyasi, na nyuma yake kwa mbali uko Ukumbi wa Nkrumah, ule uliokuwa kwenye noti ya zamani ya 500. Yasiyotakiwa ni manne: chupa ya maji kwenye nyasi, kiti cheupe cha plastiki, gari jeupe lililotokeza karibu na kofia, na huyo bwana wa shati la bluu ambaye bega lake limegusana na mkono wa joho.

Chupa na kiti ni kazi ya dakika mbili. Kazi yenyewe iko pale shati linapogusa joho, kwa hiyo hapo ndipo nitakapokaa muda mrefu.

1. Faili na leya

Anza na faili iliyotoka kwenye kamera. Picha iliyopitia WhatsApp imeshabanwa, na ukiivuta karibu unaona vijiraba pembeni mwa joho. Vijiraba hivyo utavinakili pamoja na nyasi. Fungua picha, kisha bonyeza Ctrl+Shift+N upate leya tupu juu yake. Mimi huiita "usafi". Karibu kila kitu kitafanyika humo, ili ukikosea ufute kosa lako tu na picha ya chini ibaki salama.

2. Chupa na kiti

Kwa chupa, chukua Spot Healing Brush na uwashe Sample All Layers. Brashi iwe kubwa kidogo kuliko chupa, pitisha mara moja, umemaliza. Pitisha pia kwenye kivuli chake. Nimeona picha nyingi ambazo kitu kimeondoka lakini kivuli kimebaki kwenye nyasi, hakina mwenyewe.

Kiti ni kikubwa zaidi. Bofya leya ya picha yenyewe, kizungushie kwa Lasso ukiacha nafasi ndogo pembeni, halafu nenda Edit > Content-Aware Fill. Rangi ya kijani inayojitokeza ni mahali programu inapochukua vipande vya kuzibia. Usiiachie yote. Futa kijani kwenye joho, kwenye uso na kwenye jengo, ubakize nyasi tu. Usipofanya hivyo unaweza kukuta kipande cha joho kimeota katikati ya uwanja. Kwenye Output To chagua New Layer.

3. Bwana wa shati la bluu

Brashi za kuponya, yaani Healing Brush na Spot Healing, hazinakili tu. Zinachanganya rangi na mwanga wa pembeni. Kwenye nyasi tupu huo ni msaada. Kando ya joho jeusi ni balaa: weusi unavujia kwenye nyasi na unapata doa kama la moshi. Ndiyo maana hapa natumia Clone Stamp, inayonakili kitu kama kilivyo.

Kwanza mlinde mhitimu. Bofya tena leya ya picha yenyewe. Nenda Select > Subject, kisha rekebisha kwa Quick Selection pale ilipokosea. Kwenye picha hii ilimchukua na bwana mwenyewe, nikamtoa kwa kushikilia Alt. Hifadhi kwa Select > Save Selection, maana utaihitaji tena. Sasa geuza kwa Ctrl+Shift+I, ili kinachoguswa kiwe mandhari ya nyuma na mhitimu abaki amefungiwa.

Mpaka wa joho na shati una mstari mwembamba wa pikseli zilizochanganyika, nusu nyeusi nusu bluu. Ukiuacha, bwana ataondoka lakini uzi wa bluu utabaki umeshonwa kwenye mkono wa joho. Kwa hiyo nenda Select > Modify > Expand, weka pikseli 1, ili brashi iingie kidogo ndani ya joho. Kisha Select > Modify > Feather, pikseli 1 pia, kwa sababu kwenye picha halisi hakuna ukingo uliokatwa kwa wembe. Hivyo ni vipimo vya picha ya megapikseli 24. Ikiwa yako ni ndogo, Feather ya 0.5 inatosha. Bonyeza Ctrl+H kuficha vidoti vinavyotembea, vinginevyo huoni unachofanya.

Rudi kwenye leya ya "usafi". Chagua Clone Stamp, Sample iwe Current & Below, Opacity 100, Hardness kama 50. Watu wengi hupunguza Opacity wakidhani ndiyo ustaarabu. Matokeo yake ni nyasi zilizopandana, zenye ukungu.

Kisha amua pa kuchukulia nyasi. Chukua ubavuni, usichukue juu wala chini. Nyasi zilizo karibu na kamera ni kubwa na kali. Za mbali ni ndogo na zimefifia. Bwana yuko mita kadhaa nyuma ya dada, basi nyasi za kumfunika zitoke kulia au kushoto kwake kwa usawa uleule. Ukichukua zilizo miguuni mwa dada ukazipeleka kiunoni kwa bwana, kiraka kitaonekana hata na asiyejua chochote. Ni kama kushona kiraka cha jinzi kwenye kanzu.

Nyuma ya bwana kulikuwa na ukingo wa njia ya zege unaokatiza picha. Mistari hutangulia. Bonyeza Alt juu ya ukingo pale unapoonekana, peleka brashi upande wa pili, hakikisha mstari unaendelea bila kuvunjika, ndipo upake. Mstari ukishaungana, juu na chini yake ni kujaza tu. Badilisha mahali unapochukulia kila baada ya mipako miwili mitatu, la sivyo kichaka kimoja cha nyasi kitajirudia kama chapa ya kitenge.

Bwana akishaondoka, mfuate na kivuli chake. Ilikuwa saa kumi jioni, kivuli kimelala hadi karibu na viatu vya dada. Ondoa cha bwana tu. Ukifuta na cha dada ataonekana anaelea.

4. Gari karibu na kofia

Hapa sikuondoa kitu. Nyuzi za kishada cha kofia zimepita mbele ya gari, na kuzitenganisha uzi kwa uzi kungechukua saa nzima. Kilichokuwa kinavuta jicho ni weupe wa gari. Nilibonyeza Ctrl+D kuondoa selection ya hatua ya 3, nikaweka leya ya Curves, nikashusha mwanga, nikajaza maski yake nyeusi kwa Ctrl+I, halafu nikapaka rangi nyeupe kwenye gari peke yake kwa brashi laini. Gari likawa kijivu cha mbali ambacho hakuna anayekiangalia.

5. Ukaguzi

Weka leya nyingine ya Curves juu ya zote, uikunje kwa nguvu hadi picha iwe mbaya. Viraka vinajitokeza humo: duara lililong'aa zaidi, eneo laini lisilo na chenga. Ukikuta eneo laini, ni brashi iliyokuwa na ukingo laini mno; rudia kwa Hardness ya juu zaidi. Kisha Image > Image Rotation > Flip Canvas Horizontal. Jicho lililozoea picha kwa saa nzima halioni tena, ukiigeuza linaamka. Mwisho irudishe ilivyokuwa na ufute Curves ya ukaguzi. (Niliwahi kusahau kuirudisha. Kadi zilichapishwa na maandishi ya kitambaa cha shingoni yakisomeka kinyume, na nililipia uchapishaji wa pili mwenyewe.)

MASWALI

Swali, kutoka Mbeya: Mkuu, asante. Mteja wangu anataka nimwondoe mtu aliyemshika bega. Sitaki kujua kwa nini. Mwili nimeufuta, lakini vidole vimebaki juu ya joho.

Jibu: Kaka, vidole hivyo vimefunika kitambaa, kwa hiyo bega lenyewe halipo kwenye picha; lazima ulitoe kwingine. Kama mlipiga picha kadhaa pozi lileile, tafuta ambayo bega liko wazi, kata kipande hicho, kilete kama leya, kilinganishe kwa Ctrl+T na ukifiche kingo kwa maski. Kama hamna, zungushia bega la upande wa pili, Ctrl+J, halafu Ctrl+T na Flip Horizontal. Angalia jua: kama lilitoka kushoto, bega ulilogeuza litang'aa upande usio wake, utalishusha kwa Curves. Na kama mkono umefunika shingo au nywele, mwambie mteja ukweli kwamba utakata picha karibu zaidi.

Swali, kutoka Mombasa: Shikamoo mwalimu. Mimi natumia simu tu, Snapseed. Naweza?

Jibu: Marahaba mwanangu. Chupa, karatasi, hata mtu mdogo aliye mbali, ndiyo. Tumia Healing. Brashi yake haina kipimo cha ukubwa, kwa hiyo vuta picha karibu ndipo mpako uwe mwembamba, na ufute kidogo kidogo. Lakini huwezi kuiambia ichukue nyasi wapi. Bwana aliyegusana na joho ataacha doa jeusi, usihangaike naye humo.

Swali, kutoka Kampala: Mimi niko kwenye GIMP. Hatua ni hizohizo?

Jibu: Mawazo ni yaleyale. Clone ni kitufe C, Heal ni H, na pa kuchukulia unabonyeza kwa Ctrl badala ya Alt. Washa Sample merged ili brashi isome picha iliyo chini ukiwa kwenye leya tupu. Mhitimu mzungushie kwa mkono kwa Paths. Polepole, lakini ukingo unatoka safi.

Swali, kutoka Dodoma: Ndugu, nyuma ya mhitimu wangu kuna umati, labda watu arobaini. Nianze na nani?

Jibu: Usianze na yeyote. Watu wakijaa kiasi hicho hakuna nyasi za kuchukua ubavuni, utakuwa unabuni uwanja mpya. Fifisha na ushushe mwanga wa nyuma kama nilivyofanya gari. Msimu ujao weka kamera kwenye tripodi, na mhitimu akishaondoka piga picha kumi za mahali patupu, kila baada ya nusu dakika. Zifungue kwa File > Scripts > Statistics, uchague Median. Programu inabakiza kilichoonekana kwenye picha nyingi, kwa hiyo wapita njia wanapotea wenyewe. Aliyekaa chini hatapotea. Huyo mwombe asogee.