Simu inapokula H: jinsi ya kuizuia, na jinsi ya kuhakiki neno unalolitilia shaka

Nilikuwa katibu wa kamati ya harusi ya mdogo wangu. Shangazi yetu mmoja ni mjane, na kamati ilikubaliana asiguswe kwenye mchango wa ukumbi. Nikamwandikia: "Shikamoo shangazi. Hutachangia ukumbi, tumeshalipa." Ujumbe uliomfikia ulisema: "Shikamoo shangazi. Utachangia ukumbi, tumeshalipa." Akajibu "Marahaba mwanangu," na kabla ya saa moja kupita alikuwa ametuma shilingi elfu hamsini.

Kazi yangu ni kusahihisha maandishi ya watu, kwa hiyo aibu ilikuwa mara mbili. Niliandika neno sahihi kabisa. Simu ndiyo iliyong'oa H, nami nikatuma bila kusoma tena.

Kilichotokea ni hiki. Kibodi ya simu ina orodha ya maneno, na kila neno limepewa uzito kulingana na jinsi linavyotumika mara kwa mara. Ukimaliza neno na kugusa nafasi, kibodi inatazama kama neno hilo limo kwenye orodha. Lisipokuwemo, inatafuta lililo karibu nalo: lililozidi au kupungukiwa herufi moja, au ambalo kidole kingeweza kulikosa kwa kugusa herufi jirani. "Hutachangia" halikuwemo kwenye orodha, "utachangia" limo. Tofauti yao ni herufi moja, na kwenye kibodi ya kawaida H iko chini kidogo tu ya U. Kwa hesabu za kibodi, kidole changu kiliteleza kikaigusa H njiani kuelekea U.

Kwa nini neno la kawaida namna hiyo lisiwemo? Chukua kitenzi kimoja, lipa. Tumia nafsi sita, kuanzia mimi hadi wao, na nyakati nne: ninalipa, nililipa, nitalipa, nimelipa. Hayo ni maneno 24. Sasa kanusha yote: silipi, sikulipa, sitalipa, sijalipa, na kuendelea. Umefika 48, na hujagusa bado nitakulipa, hajatulipa, tulipwe, wamelipiana, aliyelipia. Kiswahili hubeba sentensi nzima ndani ya neno moja, na hakuna orodha inayoweza kubeba maneno hayo yote kama inayahesabu moja moja. Yanayokosekana ndiyo yanayobadilishwa, na mara nyingi huwa ni ya kukanusha au yaliyobeba mtendwa.

Hatua ya 1: Jua kama kosa ni la lugha au la orodha

Fungua sehemu ya kuandikia kumbukumbu, si ujumbe wa mtu. Andika polepole: "ni yeye si mimi, kama bado hajaja leo". Ukiona "ni" linageuzwa neno la Kiingereza, au "leo" linapewa herufi kubwa kama jina la mtu, basi kibodi yako inasoma kwa Kiingereza na haijawekewa Kiswahili hata kidogo. Kwenye Gboard, kibodi ya Google, bonyeza kitufe cha mipangilio, ingia `Languages`, kisha `Add keyboard`, uchague Kiswahili. Kwenye iPhone njia ni `Settings`, `General`, `Keyboard`, `Keyboards`, halafu `Add New Keyboard`. Simu zinatofautiana kidogo kwa majina ya vitufe, ila mpangilio ni huohuo.

Kama maneno hayo mafupi yanapita salama lakini "hutachangia" linaguswa, lugha iko sawa. Tatizo ni orodha, na kuongeza kibodi nyingine hakutasaidia.

Hatua ya 2: Inyang'anye simu mamlaka, uiachie ushauri

Hapa wengi huzima kila kitu kwa hasira, halafu wanarudi siku ya tatu kwa sababu wanakosa mapendekezo. Si lazima. Kubadilisha neno na kupendekeza neno ni mambo mawili yenye swichi mbili tofauti. Kwenye Gboard ingia `Text correction`, uzime `Auto-correction` peke yake. Kwenye iPhone ni `Settings`, `General`, `Keyboard`, kisha uzime `Auto-Correction`. Mstari wa mapendekezo juu ya herufi ubaki.

Kama hutaki kuzima, basi zoea kuutazama mstari ule kabla ya kugusa nafasi. Kwenye iPhone, neno ulilolichapa likitokea upande wa kushoto ndani ya alama za mtajo, jua linakaribia kubadilishwa. Liguse lenyewe libaki. Na likishabadilishwa, gusa kitufe cha kufuta mara moja papo hapo: simu nyingi hukurudishia neno lako la mwanzo au kukuonyesha ulilokuwa umeandika.

Hatua ya 3: Kamusi binafsi ni ya majina, si ya vitenzi

Simu ina sehemu ya kuhifadhi maneno yako. Kwenye Gboard ni `Dictionary`, ndani yake `Personal dictionary`. Watu huweka humo kila neno lililowahi kuharibiwa. Mimi niliweka "hutachangia", na wiki hiyohiyo "hatachangia" likaliwa H. Kuweka umbo moja la kitenzi hakufundishi umbo la pili. Tumia nafasi hiyo kwa majina ya watu, mitaa, vijiji na bidhaa unazouza.

Matumizi yake mengine mazuri ni ritifaa ya ng'. Kila neno unaloliweka linaweza kupewa njia ya mkato: neno ni ng'ombe, mkato ni ngombe. Ukichapa mkato, neno lenye ritifaa linajitokeza, lenyewe au kwenye mstari wa mapendekezo. Fanya hivyo kwa ng'ombe na ng'ambo, lakini usifanye kwa ng'oa, maana "ngoa" ni neno kamili lenye maana ya wivu, na siku utakayotaka kumwandika mtu aliyelia ngoa, simu itamfanya ang'oe kitu.

Hatua ya 4: Hakiki neno lenyewe

Sasa tuje kwenye shaka ya kweli, pale unapotazama neno lenye mstari mwekundu na hujui nani amekosea, wewe au simu. Mstari mwekundu unasema jambo moja tu: neno hili halimo kwenye orodha yangu. Hausemi ni kosa.

Tuchukue "wamedhulumiwa". Simu yangu ililipigia mstari. Ukifungua *Kamusi ya Kiswahili Sanifu* au *Kamusi Kuu ya Kiswahili* ya BAKITA ukatafuta "wamedhulumiwa", hutalipata, kwa sababu kamusi zetu hupanga vitenzi kwa shina lake. Inabidi ulimenye neno.

Anza mbele. Toa "wa", ambao ndio watu wenyewe, kisha "me", ambayo ni wakati. Imebaki "dhulumiwa". Sasa nenda mwisho: "iwa" ni alama ya kutendwa, itoe. Imebaki "dhulum", na hapo ndipo wengi hukwama, maana wanaongeza "a" kwa mazoea, wanatafuta "dhuluma" na kukuta nomino. Vitenzi vyenye asili ya Kiarabu mara nyingi huishia na u, i au e. Haribiwa hutoka kwa haribu, jibiwa kwa jibu, samehewa kwa samehe. Kwa hiyo jaribu "dhulumu". Lipo, ni kitenzi, na linaanza kwa dh. Kila kipande ulichokitoa ni kiambishi halali na kiko mahali pake, basi neno zima ni sahihi. Simu ndiyo isiyolijua.

Pima na "hutachangia" kwa njia hiyohiyo. Shina ni changia, wakati ni "ta", mbele kuna "hu". Tahadhari kidogo: "hu" inaweza pia kuwa ya mazoea, kama katika "shangazi huchangia kila mwaka", lakini hiyo haikubali alama ya wakati baada yake. Ikifuatwa na "ta" ya wakati, haiwezi kuwa kitu kingine ila kukanusha kwa nafsi ya pili.

Kwa nomino, tafuta umoja: nyimbo utaikuta kwenye wimbo, meno kwenye jino, kuni kwenye ukuni.

Hatua ya 5: Likipatikana, soma na maana

Kosa baya zaidi halipigiwi mstari wowote. Andika "mmealikwa kwenye ghafla ya kumpongeza mwalimu" na simu itanyamaza kimya, kwa kuwa ghafla ni neno. Ulilotaka ni hafla. Ndivyo ilivyo kwa karamu na kalamu, mahari na mahali, fahari na fahali, thamani na dhamana. Ukiwa mtu ambaye r na l, au dh na z, hubadilishana mdomoni mwako kwa sababu ya lugha ya nyumbani, sikio lako halitakuokoa. Usiishie kuona kwamba neno limo kwenye kamusi. Tafuta maneno yote mawili, usome maelezo ya kila moja, kisha uchague.

Kamusi ikiwa haiko karibu, tumia mtandao kwa uangalifu. Injini ya kutafuta nayo husahihisha: ukiona `Showing results for` juu ya majibu, ujue imeshabadilisha neno lako. Lifunge kwa alama za mtajo, na uielekeze kwenye chombo chenye wahariri:

```
"wamedhulumiwa" site:bbc.com/swahili
```

Usihesabu majibu ni mangapi. "Kwasababu" iliyoandikwa kwa pamoja utaikuta kila mahali, na bado kamusi huitenganisha: kwa sababu. Soma sentensi tatu au nne uone kama neno linabeba maana ile unayoitaka wewe. Kama majibu ni sifuri, haithibitishi kosa pia. Huenda hakuna mwandishi aliyehitaji umbo hilo la kitenzi. Rudi kwenye kumenya.

Hatua ya 6: Kabla ya kutuma, soma vitenzi vinavyohusu pesa, tarehe na ruhusa

Sisomi tena ujumbe wote. Natafuta vitenzi vyenye H mbele na kuvitamka kwa sauti: hatakuja, hutalipa, hataruhusiwa. Herufi hiyo ikianguka, kinachobaki ni Kiswahili safi chenye maana iliyopinduka, na msomaji hana dalili yoyote ya kumshtua. Ujumbe ukiwa wa fedha naongeza neno la pili la kukanusha, ili herufi moja isibebe mzigo wote: "Hutachangia ukumbi, usitume chochote."

Hivyo ndivyo nilivyomwandikia shangazi mara ya pili, nikimwomba radhi na namba ya kumrudishia hela yake. Akasema imeshatoka mkononi, tuinunulie soda za watoto.