Je, cheti chako cha kidato cha sita kitakuingiza chuo kikuu Ujerumani? Hakikisha kabla hujalipa senti

Kila matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, simu yangu huanza kulia. Mzazi ana cheti cha mwanawe mkononi, na tayari kuna mtu amemwambia, "Hiki kinatosha, leta pesa tuanze." Mwaka mmoja familia moja ilinifuata ikiwa imeshalipa ada ya huduma kwa wakala aliyewahakikishia kwamba cheti "kina H+". Niliumia, maana H+ ni alama wanayopewa vyuo, na cheti cha shule hakiwezi kuwa nayo. Dakika ishirini kwenye tovuti sahihi zingewaonyesha hivyo.

Tovuti yenyewe ni anabin, anwani yake `anabin.kmk.org`. Ni hifadhidata ya Wajerumani ya kupima vyeti vya nje, na kuifungua ni bure. Hapa nitamfuata mwanafunzi wa Tanzania mwenye cheti cha NECTA, lakini wa Kenya au Uganda atapita njia hiyo hiyo kwa kuchagua nchi yake.

Hatua ya 1: Soma cheti chako vizuri kwanza

Kaa na cheti cha kidato cha sita, chukua karatasi, uandike kila somo na alama yake. Kisha gawa masomo hayo mafungu mawili. Fungu la kwanza ni masomo makuu ya tahasusi yako, yale matatu yanayoipa jina: PCB, PCM, EGM, HGL na kadhalika. Fungu la pili ni masomo ya nyongeza, yaani General Studies, na kwa wengine Basic Applied Mathematics, ile tunayoiita BAM.

Nasisitiza hapa kwa sababu ndipo watu wengi wanapojikwaa. Cheti kinaonyesha masomo matano, mzazi anahesabu matano. Lakini General Studies na BAM si masomo makuu hata hapa nyumbani. Vilevile kwenye alama, A hadi E ni ufaulu kamili, E ikianzia 40. Alama ya S, kati ya 35 na 39, ni ufaulu wa ngazi ya chini. Mwenye C, D na S kwenye tahasusi yake ana masomo makuu mawili tu aliyoyafaulu kikamilifu, na sharti la chuo likitaka matatu, amekwama.

Cheti cha kidato cha nne kiweke pembeni yake. Peke yake hakikupeleki chuo kikuu, ila utatakiwa kukiambatanisha, kwani wakaguzi wanataka kuona njia yote uliyopita na masomo uliyoyaacha njiani.

Hatua ya 2: Ingia sehemu sahihi ya anabin

Tovuti iko kwa Kijerumani. Tafuta sehemu inayoitwa:

```
Schulabschlüsse mit Hochschulzugang
```

Maana yake ni vyeti vya shule vinavyofungua mlango wa chuo kikuu. Sehemu ya `Institutionen` iache, hiyo ni ya vyuo, na huko ndiko alikotoka yule wakala na H+ yake. Chagua nchi, `Tansania`, kisha tafuta cheti chako kwa jina kama lilivyochapwa juu yake. Ukitumia kitafsiri cha kivinjari, rudi kila mara kwenye Kijerumani cha asili, kwa sababu kitafsiri huvuruga hata majina ya vyeti.

Hatua ya 3: Elewa jibu

Hapa usiwe na haraka. Majibu ya kawaida ni matatu.

La kwanza ni kuingia moja kwa moja, fani yoyote. Hilo halihitaji maelezo.

La pili lina neno `fachgebunden`. Unaingia moja kwa moja, lakini kwenye fani zinazoendana na masomo yako tu. Chukua binti aliyesoma PCB, ana Fizikia C, Kemia B, Biolojia C, General Studies D na BAM S. Jibu lake likiwa fachgebunden upande wa sayansi, anaweza kuomba Biolojia au Kemia. Akibadili mawazo akataka Uchumi au Sheria, cheti kile kile kinamfungia mlango, hata alama zake zingekuwa A tupu. Na akitaka uhandisi, asome kwa makini kama sharti linataja Hisabati, kisha akumbuke kwamba BAM yake ni somo la nyongeza. Hili nimeliona likiwaumiza watoto wenye alama nzuri kabisa, na hakuna aliyewaeleza mapema.

La tatu ni `Studienkolleg`. Usilisome kama kukataliwa. Ni kozi ya maandalizi ya mwaka mmoja, mihula miwili, inayoishia na mtihani uitwao Feststellungsprüfung. Ina makundi: T kwa uhandisi, M kwa tiba na biolojia, W kwa uchumi na sayansi za jamii, G na S kwa masomo ya sanaa na lugha. Kundi unalosoma ndilo linaloamua fani utakayoomba baadaye. Lakini kuna gharama ya muda ambayo watu hawaihesabu: ili uingie huko unafanya mtihani wa kuingilia, na Kijerumani kinachotakiwa kwa kawaida ni kati ya kiwango cha B1 na B2. Anayeanzia sifuri ajipangie miezi mingi darasani kabla hata ya kufikiria viza.

Chini ya jibu husika mara nyingi kuna masharti: idadi ya masomo, alama, au mwaka mmoja wa chuo kikuu nyumbani. Nakili kila neno. Piga picha ya skrini yenye tarehe, maana masharti hubadilika.

Hatua ya 4: Linganisha na chuo chenyewe

anabin ni mwongozo. Uamuzi ni wa chuo. Andikia ofisi ya udahili barua pepe fupi, utaje jina la cheti, mwaka, masomo makuu na alama, na kozi unayoitaka, kisha uulize swali moja tu: je, naweza kuomba moja kwa moja, au napitia Studienkolleg? Ukiuliza "je, mnakubali cheti cha Tanzania?" utajibiwa kwamba inategemea.

Vyuo vingi hulikabidhi shirika la uni-assist kazi ya kukagua vyeti vya waombaji wa nje. Ombi la kwanza kwa muhula ni yuro 75, kila ombi la ziada yuro 30, na pesa hairudi hata ukikosa sifa. Ndiyo maana hatua tatu za mwanzo zinakuja kabla ya hii. Vyuo vingine hudai kwanza hati inayoitwa VPD, ambayo uni-assist huitoa baada ya kukagua vyeti vyako, kisha wewe mwenyewe unaomba chuoni ukiwa nayo. Kwa muhula wa baridi, tarehe ya mwisho ya vyuo vingi ni 15 Julai. Ukaguzi huchukua wiki kadhaa, kwa hiyo anayehitaji VPD aanze mapema zaidi.

Vyeti vya NECTA viko kwa Kiingereza, hivyo kwa kawaida uni-assist haidai tafsiri. Inachoangalia ni nakala: chuo kikitaka iliyothibitishwa, iwe na muhuri halisi, sahihi, na maneno yanayosema inalingana na asili. Fotokopi ya nakala yenye muhuri haihesabiki. Na cheti halisi usimtumie mtu yeyote kwa posta, hata akikuomba kwa upole.