Somo: Homa ya mzee dhaifu hujificha chini ya nyuzi 38

Wengi wetu tumezoea kusubiri kipimajoto kifike nyuzi 38 ndipo tuseme mgonjwa ana homa. Kwa mtu mzima mwenye nguvu kipimo hicho kinafaa, lakini kwa mzee aliyedhoofika, yaani aliyekonda, anayetembea kwa shida au anayehitaji msaada wa kuoga na kuvaa, kusubiri nyuzi 38 ni kusubiri kitu ambacho huenda kisije, hata kama nimonia imekwishaingia kwenye mapafu.

Sababu yake ni hii. Vijidudu vinapoingia mwilini, chembe za kinga hutoa kemikali zinazoiambia sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi ipandishe kiwango cha joto. Amri ikishatolewa, mishipa ya damu ya ngozi hujibana ili joto lisipotee, na misuli hutetemeka ili kuzalisha joto zaidi. Kwa mzee dhaifu kila hatua ya safari hiyo imepungua nguvu: kemikali hutolewa kidogo, ubongo huitikia kwa uzito, mishipa ya ngozi haijibani vizuri, na misuli ambayo ingetetemeka imekwisha kupungua. Zaidi ya hayo, joto lake la kila siku mara nyingi liko chini kuliko la kijana. Anayeanzia 36.0 akipanda kwa nyuzi moja na nusu hufika 37.5 tu, na aliyeshika kipimajoto humwambia kuwa hana neno.

Hatua ya kwanza: lijue joto lake akiwa mzima. Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, nami naiona kuwa na thamani kuliko zote zinazofuata. Kwa siku kadhaa ambazo mzee hana ugonjwa wowote mpya, mpime asubuhi na jioni kwa kipimajoto kilekile na mahali palepale mwilini, kisha andika. Nyakati hizo mbili zinahitajika kwa sababu joto la mwili huwa chini alfajiri na hupanda kuelekea jioni, hivyo kipimo cha jioni hulinganishwa na cha jioni.

Hatua ya pili: chagua mahali pa kupimia na usipabadilishe. Chini ya ulimi ni pazuri iwapo mzee anaweza kufumba midomo hadi kipimajoto kilie, na iwapo hajala wala kunywa chochote kwa muda wa nusu saa. Mzee anayepumua kwa mdomo, au aliyepoteza kumbukumbu kiasi kwamba hawezi kutulia, atatoa namba ya chini isiyo ya kweli. Huyo mpime kwapani, kwapa likiwa kavu na mkono umebanwa ubavuni, ukikumbuka kwamba kwapa kwa kawaida husoma chini kuliko mdomo. Watu hupenda kujumlisha nusu nyuzi ili kufidia, lakini tofauti hiyo hubadilika kutoka mtu hadi mtu, kwa hiyo ni salama zaidi kulinganisha kwapa na kwapa.

Hatua ya tatu: soma namba kwa vipimo vya mzee. Mwongozo wa Chama cha Magonjwa ya Kuambukiza cha Marekani uliohuishwa mwaka 2008, ulioandikwa kwa ajili ya wakazi wa nyumba za kutunzia wazee, unahesabu kuwa ni homa lolote kati ya haya:

- kipimo kimoja cha mdomoni kinachozidi 37.8;
- vipimo vinavyorudiwa vya mdomoni vinavyozidi 37.2, au vya njia ya haja kubwa vinavyozidi 37.5;
- kupanda kwa zaidi ya nyuzi 1.1 juu ya joto lake la kawaida.

Kigezo cha tatu ndicho kinachomfaa zaidi anayemtunza mzee nyumbani, kwa kuwa hakitegemei mahali ulipopima mradi umelinganisha palepale.

Hatua ya nne: kama namba inatia shaka, mwangalie mzee. Hesabu pumzi zake kwa dakika nzima akiwa ametulia, bila kumwambia kwamba unahesabu. Pumzi 25 au zaidi kwa dakika ni ishara nzito ya ugonjwa wa mapafu. Kuchanganyikiwa kwa ghafla, kuanguka, kukataa chakula au kuanza kujikojolea ilhali hakuwa na tabia hiyo, vyote vinaweza kutangulia homa au kuja bila homa kabisa.

Tuchukue mfano wa bibi wa miaka 84 ambaye daftari lake linaonyesha kwapani 35.8 asubuhi na 36.2 jioni. Siku moja anaacha chakula cha mchana, analala kutwa, na anamwita binti yake kwa jina la dada yake. Saa kumi na moja jioni kwapa linasoma 37.4. Kwa macho ya kawaida hiyo si homa. Ukitoa 36.2 unapata nyuzi 1.2, na hiyo imevuka kigezo. Pumzi zake ni 28. Bibi huyu hapaswi kusubiri asubuhi wala kupewa parasetamoli na kuachwa alale, bali apelekwe hospitali jioni hiyohiyo, na daftari liende naye, kwa maana mpokeaji asiyelijua atasoma 37.4 na kumpanga mwisho wa foleni.

Maswali ya wanachama

*Baba anameza parasetamoli kila siku kwa ajili ya magoti. Je, vipimo vyake vina maana?*

Vina maana, lakini dawa hiyo huficha sehemu ya homa, na vivyo hivyo dawa nyingine za maumivu na zile za steroidi. Mpime muda mfupi kabla ya dozi inayofuata, na daftari lake uliandike akiwa kwenye dawa hizohizo. Usimsimamishie dawa kwa ajili ya kupima. Kwake yeye hatua ya nne ina uzito kuliko kipimajoto.

*Mama ameshaugua na sikuwahi kuandika joto lake la kawaida. Nifanyeje?*

Tumia vigezo viwili vya kwanza kama anaweza kupimwa mdomoni, na urudie kipimo baada ya saa chache badala ya kuridhika na kimoja. Kama ni kwapa pekee linalowezekana, namba ya chini isikutoe wasiwasi ikiwa hali yake imebadilika. Daftari lianze atakapopona.

*Babu amechanganyikiwa tangu jana, lakini kipimajoto kinasoma 35.3. Si heri kuwa hana homa?*

Hapana, ndugu yangu. Maambukizi makali yaliyosambaa kwenye damu yanaweza kushusha joto badala ya kulipandisha, na hali hiyo ni mbaya kuliko homa. Rudia kipimo mara moja kuhakikisha hakikukosewa. Kikibaki hapo, mfunike na umpeleke hospitali sasa hivi.

*Je, kila akifika 37.3 tumwanzishie antibiotiki?*

La. Vigezo hivi vinakuambia utafute chanzo, havikuambii utibu. Chumba chenye joto, nguo nyingi na upungufu wa maji mwilini vinaweza kupandisha namba pia. Jihadhari hasa na kipimo cha mkojo: wazee wengi dhaifu huwa na bakteria kwenye mkojo bila kuugua, na kuwakuta humo hakuthibitishi kwamba ndio walioleta homa. Daktari akiishia kwenye mkojo, mwombe asikilize mapafu, na akague ngozi ya makalio na visigino kama kuna vidonda vya kulalia.